Kupekua Jina Kabla ya Kulitangaza: Alama za Biashara katika Vichwa vya Video na Hashtegi

Msafiri apitaye katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza huona, akifika sehemu za Ikungi na Singida mjini, madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia. Madumu mengi ya namna hiyo hayana jina lolote. Mnunuzi huyatazama mafuta dhidi ya mwanga, huyanusa, humtazama muuzaji usoni, kisha hulipa. Akirudi mwaka ujao, humtafuta muuzaji yule yule mahali pale pale. Katika biashara ya namna hii uso wa mtu na kivuli cha mti wake hutosha kuwa alama.

Mambo hubadilika mafuta hayo hayo yanapotangazwa kwa simu. Mkamuaji wa Ikungi hupiga video fupi ya mashine yake, huiandikia kichwa, huongeza chini yake neno lenye alama ya reli mbele, yaani hashtegi, ili watu walitafute na kuikuta video. Mnunuzi aliye Mwanza au Dar es Salaam haoni uso wala mti. Aonacho ni jina tu, na kwa jina hilo huamua mali ni ya nani. Hapo ndipo jina lililochaguliwa kwa haraka, mara nyingi usiku mmoja kabla ya kutangaza, linapoweza kugusa alama ya biashara ya mtu mwingine. Matokeo yake huwa barua ya malalamiko, au video kuondolewa mtandaoni, au chupa elfu moja zenye lebo zisizoweza kutumika tena.

Katika makala hii tutaeleza jinsi jina la namna hiyo linavyopekuliwa kabla ya kutolewa hadharani. Tutatumia mfano mmoja wa kubuni: kikundi cha wakamuaji wa alizeti katika Wilaya ya Ikungi, ambacho huuza mafuta, huuza mashudu kwa wafugaji, na hutengeneza sabuni ya kufulia kwa mashapo yabakiayo chini ya mapipa.

Alama ya biashara ni kitu gani

Alama ya biashara ni neno, picha, au mchanganyiko wa hayo, ambalo humwezesha mnunuzi kutofautisha mali ya mtu mmoja na mali ya mtu mwingine. Kazi yake ni hiyo moja. Mwenye alama hamiliki neno lenyewe katika lugha. Humiliki uhusiano uliopo kati ya neno hilo na aina fulani ya mali, katika nchi fulani. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya jina jipya si kama neno limewahi kutumiwa na mtu yeyote. Swali ni hili: je, mnunuzi wa kawaida akiliona jina hili juu ya mali hii, atadhani imetoka kwa mtu mwingine, au kwamba mtu huyo ameidhinisha?

Tuone jambo hilo kwa mfano. Kikundi chetu kimeandaa video mbili. Ya kwanza inaonyesha namna ya kutoa doa la mafuta katika kitenge, na kichwa chake ni “Jinsi ya Kuondoa Doa la Mafuta ya Alizeti kwa Omo”. Ya pili inaonyesha sabuni ya kikundi chenyewe ikimiminwa katika vibao, nayo imepewa hashtegi `#OmoYaAlizeti`. Neno ni lile lile katika video zote mbili, lakini hali ya video hizo kisheria ni mbali kabisa. Katika ya kwanza, Omo imetajwa kwa sababu ndiyo iliyotumika kweli. Mtazamaji haelewi vingine. Kumtaja mwenye mali kwa jina la mali yake, kwa ukweli na kwa kadiri inavyohitajika tu, kwa kawaida si kosa. Katika ya pili, jina la sabuni ya mtu mwingine limewekwa juu ya sabuni ya kikundi. Mnunuzi aweza kudhani kwamba wenye Omo wametoa sabuni mpya ya alizeti. Malalamiko yakija, yatakuja kwa video hii.

Pengine msomaji atasema kwamba kikundi hakikuwa na nia mbaya, kwa maana huku kwetu “omo” ni sabuni yoyote ya unga. Ni kweli. Kiswahili cha sokoni kimemeza alama nyingi za biashara na kuzigeuza kuwa majina ya vitu. Mtu huomba Colgate dukani naye hupewa dawa ya meno ya aina nyingine, wala haoni kwamba amedanganywa. Aumwaye kichwa huomba Panadol. Atakaye kung'arisha viatu huomba Kiwi. Afuaye nguo nyeupe huomba Jik, na wengi huiandika “jiki”. Blue Band nayo, vijijini na mijini, imekuwa jina la siagi yoyote ya kupaka mkate. Mazoea hayo ya usemi, hata hivyo, hayaifuti alama katika rejista. Alama huweza kupoteza ulinzi ikithibitika kwamba imekuwa jina la kawaida la kitu, lakini huo ni uamuzi wa mamlaka husika baada ya ushahidi, si wa muuzaji mmoja anayeandika lebo yake. Tena wenye alama mashuhuri huogopa sana hatari hiyo, na ndiyo sababu huwa wepesi kulalamika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya upekuzi, kabla ya kufungua rejista yoyote, ni kuyasoma maneno ya kichwa moja moja na kujiuliza kama kuna lolote ambalo limezoeleka kinywani hata tumesahau kwamba lilianza kuwa mali ya mtu.

Kulichambua jina

Tuseme kikundi kimeiacha `#OmoYaAlizeti`, na sasa wanachama wamependekeza jina moja litakalotumika kwa mafuta, kwa sabuni, na kwa mfululizo wa video: “Twiga Safi”. Hashtegi yake itakuwa `#TwigaSafi`.

Jina lenye maneno mawili halipekuliwi kama kitu kimoja. Hutenganishwa kwanza, na kila neno hupimwa uzito wake. “Safi” ni sifa ya mali. Mafuta yote hudaiwa kuwa safi. Neno la sifa halimtofautishi muuzaji mmoja na mwingine, na mtu akilinganisha majina mawili hulipa uzito mdogo. Hali ya “Singida” ni karibu na hiyo: jina la mahali alizeti inakotoka hueleza asili yake, na si rahisi mtu mmoja kulishika peke yake dhidi ya wakamuaji wengine wa mkoa huo. Uzito wote wa jina letu basi umelala juu ya “Twiga”. Mtu akiandika “Twiga Bora” au “Twiga wa Ikungi” hajaondoka mbali na mwenye Twiga wa kwanza, iwapo yupo.

Baada ya hapo neno zito huandikwa kwa namna zote ambazo masikio na macho yanaweza kulichanganya. Ulinganisho wa alama hufanywa kwa sura, kwa sauti, na kwa maana. Kwa sura na sauti, Twiga aweza kukutana na Tuiga, Twigah, au Twigga. Kwa maana, hukutana na jina la mnyama huyo kwa lugha nyingine, na hata na picha ya twiga isiyo na neno lolote. Mpekuzi wa Tanzania ana kazi ya ziada ambayo vitabu vya ugenini haviitaji. Wasemaji wengi hubadilishana r na l. Katika Mkoa wa Singida wenyewe Iramba huitwa Ilamba na wenyeji wake. Kwa hiyo jina lenye mojawapo ya sauti hizo lazima lipekuliwe kwa zote mbili. Hali kadhalika dh na z, th na s, gh na g. Jina la kigeni nalo huongezewa irabu mwishoni, na c yake huwa k, kama Colgate inavyokuwa “kolgeti”. Mtambo wa kutafuta haujui mazoea haya. Ukiuandikia namna moja ya tahajia tu, huenda ukajibu kwamba hakuna kitu, hali kitu kipo chini ya tahajia nyingine.

Hashtegi huongeza tatizo lake, kwa sababu huondoa nafasi kati ya maneno. Maneno yakishaunganishwa, jicho laweza kuyakata mahali pasipokusudiwa. Ni vyema basi kuiandika hashtegi yote kwa herufi ndogo, kumpa mtu asiyeijua, na kumwomba aisome kwa sauti. Kinyume chake pia hutokea: herufi o-m-o zimo ndani ya “somo” na “mdomo”, lakini `#SomoLaAlizeti` halina uhusiano wowote na sabuni, na hakuna msomaji atakayelichanganya. Kufanana kwa herufi peke yake si hoja. Alama ya reli nayo haibadili kitu. Wako wadhanio kwamba kuweka # mbele ya jina la watu hulifanya kuwa mada ya mazungumzo tu. Ofisi za usajili katika nchi mbalimbali huihesabu alama hiyo kuwa haina uwezo wa kutofautisha, na huliangalia neno lililo nyuma yake.

Mali ya aina gani?

Jina likishachambuliwa, huandikwa orodha ya vitu ambavyo litavitangaza. Hapa husaidia mpango wa kimataifa wa kugawa mali na huduma, uitwao Mpango wa Nice, kwa jina la mji wa Ufaransa ulikotiwa sahihi mwaka 1957. Mpango huu una makundi 45: kundi la 1 hadi la 34 ni mali, na la 35 hadi la 45 ni huduma. Mafuta ya kula yamo katika kundi la 29. Mashudu, kwa kuwa ni chakula cha mifugo, yamo katika kundi la 31. Sabuni ya kufulia imo katika kundi la 3. Video za mafunzo au burudani, zikiwa ndizo huduma yenyewe inayotolewa, huingia kundi la 41. Kikundi kilichodhani kina jina moja la kupekua, kwa kweli kina pekuzi nne.

Twiga ni mfano mzuri wa kuonyesha kwa nini mgawanyo huu una maana. Kila mjenzi hapa nchini anaijua saruji ya Twiga itokayo Wazo Hill, Dar es Salaam. Kila mpenzi wa soka anaijua Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake. Wote wawili hutumia neno moja, wala hakuna aliyewahi kwenda uwanjani akidhani anatazama timu ya kiwanda cha saruji kwa sababu ya jina hilo. Saruji ni kundi la 19, mbali na mafuta ya kula. Hata hivyo ukaribu na umbali wa mali haupimwi kwa namba ya kundi pekee. Maji ya kunywa na bia vyote vimo katika kundi la 32, na kwa miaka mingi wanunuzi wa Tanzania wamekuwa na maji ya Kilimanjaro kutoka Bonite Bottlers ya Moshi, na bia ya Kilimanjaro kutoka Tanzania Breweries, wakavitofautisha bila shida. Kinyume chake, sabuni na mafuta ya kula vimo katika makundi mawili tofauti, lakini viwanda vingi vya mafuta hutengeneza vyote viwili, na mnunuzi anajua hivyo. Kwa kikundi chetu, mwenye sabuni ya Twiga angekuwa hatari kubwa kuliko mwenye saruji ya Twiga. Namba ni ya kupangia majalada. Uamuzi hutokana na mwenendo wa soko.

Lipo pia jambo la alama mashuhuri mno. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, ambao huzipa alama zijulikanazo sana ulinzi hata mahali ambapo hazijasajiliwa. Alama ya namna hiyo ni busara kuiacha kabisa, hata mali ikiwa ya aina nyingine.

Kuitazama rejista, na kutoka kwenda sokoni

Kwa Tanzania Bara, alama za biashara na huduma husimamiwa na Sheria Na. 12 ya mwaka 1986, na rejista yake iko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Maombi hupitia mtandao wake, `ors.brela.go.tz`. Hapa hutokea kosa ambalo huwagharimu watu wengi. BRELA hutunza rejista kadhaa zilizo mbalimbali: ya makampuni, ya majina ya biashara, na ya alama za biashara na huduma. Mtu huomba jina la biashara, huambiwa linapatikana, hupewa cheti, kisha hulibandika jina hilo juu ya chupa akiamini amelilinda. Cheti cha jina la biashara huonyesha ni nani aendeshaye shughuli kwa jina fulani. Hakimpi haki ya alama juu ya mali, wala hakimwondolei mtu mwingine aliyekwisha kuisajili alama hiyo. Mpekuzi lazima aulize hasa kuhusu rejista ya alama, akitaja neno na makundi ya mali.

Ombi la alama likikubaliwa na Msajili, hutangazwa katika jarida, na mtu yeyote mwenye sababu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Tarakimu hizi zina maana kwa mpekuzi. Kwanza, jina laweza kuwa bado halijasajiliwa lakini ombi lake liko mezani. Kwa hiyo aulizie pia maombi yasiyokwisha kuamuliwa. Pili, alama iliyopitwa na muda si lazima iwe imekufa, kwa kuwa mwenyewe aweza bado kuitumia sokoni.

Zanzibar ina sheria yake na rejista yake. Upekuzi wa BRELA hauonyeshi yaliyosajiliwa huko, wala usajili wa Bara hauvuki bahari. Mkamuaji wa Ikungi anayetarajia kuuza Unguja apekue pande zote mbili.

Kwa nchi za nje, Shirika la Kimataifa la Haki Miliki lina hazina ya kumbukumbu iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo katika `branddb.wipo.int`. Humo mtu huandika neno, huchagua kundi la mali, na huweza hata kuweka picha ya nembo ili mtambo umtafutie zinazofanana nayo. Ni chombo kizuri, ila si nchi zote zenye kumbukumbu zao ndani yake kwa ukamilifu. Jibu la “hakuna” lisomwe kuwa “hakuna katika kumbukumbu hizi”.

Baada ya rejista zote hizo bado kuna upekuzi ambao hakuna mtambo uwezao kuufanya. Sheria yetu, iliyorithi mapokeo ya Kiingereza, humlinda pia mfanyabiashara ambaye hakusajili chochote lakini jina lake limejulikana kwa wanunuzi. Mwingine akiuza mali kana kwamba ni yake, aweza kumshtaki. Kwa hiyo mtu mmoja wa kikundi atembee katika maduka ya jumla ya Singida, na ikiwezekana ya Dodoma na Mwanza, asome lebo za mafuta na sabuni, aandike majina na kupiga picha. Wakati huo huo mwingine aifungue hashtegi yenyewe katika kila jukwaa wanalokusudia kulitumia, atazame ni nani wamekuwa wakiitumia na kwa mali gani. Mtu wa Singida anajua jinsi jambo hili linavyobadilika upesi. Katika soka tu, mashabiki wamekuwa na Singida United, kisha Singida Big Stars mwaka 2022, kisha Singida Fountain Gate mwaka 2023, kisha Singida Black Stars mwaka 2024. Hashtegi kama `#NyotaWaSingida`, ambayo mwaka 2015 ingekuwa sifa ya wazi kwa mkulima hodari, leo ingewaleta mashabiki wa mpira na pengine maswali kutoka katika klabu. Upekuzi uliofanywa mwaka jana haufai kwa chupa zitakazopigwa chapa mwaka huu.

Tuseme sasa, kwa kuendeleza mfano wetu, kwamba rejista haikuonyesha Twiga yoyote katika makundi ya 29 na 3, lakini yule aliyekwenda madukani alikuta kipande cha sabuni kiitwacho Tuiga, chenye picha ya mnyama mwenye shingo ndefu, kikiuzwa katika maduka matatu. Tahajia ni tofauti kwa herufi moja. Sauti ni ile ile. Picha ni ile ile. Mali ni ile ile. Hapa hakuna haja ya kumsubiri mwanasheria. Kikundi kiache jina hilo kwa sabuni. Je, kilibakishe kwa mafuta? Kwa maoni yangu hapana, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza juu ya viwanda vitengenezavyo vyote viwili. Gharama ya kutafuta jina jingine siku ile ni karatasi na kalamu.

Neno la Kiswahili lililosajiliwa ugenini

Hudhaniwa kwamba neno la Kiswahili cha kila siku haliwezi kuwa na mwenyewe. Mwaka 2018 wasemaji wengi wa lugha hii walishtuka kusikia kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imesajili “Hakuna Matata” nchini Marekani kwa ajili ya mavazi, hususan fulana. Ombi lilikuwa limewekwa mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu yao ya simba, na usajili ukatolewa mwaka 2003. Usemi wenyewe ulikuwa umeimbwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya tangu mwaka 1982, na ulikuwa ukisemwa mitaani kabla ya hapo. Mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha waraka wa kupinga, na watu wengi sana wakautia sahihi.

Hasira ile ilikuwa na haki yake, lakini ilichanganywa na hofu isiyo na msingi. Usajili huo haumzuii mtu kusema maneno hayo, wala kuyaandika katika kichwa cha video ya alizeti, wala kuyapiga chapa katika fulana za kuuza Singida. Ni usajili wa nchi moja kwa mali ya aina moja. Taabu ingempata kijana wa Singida ambaye angechora fulana na kuziuza kupitia duka la mtandaoni lililoko Marekani, likiwafikia wanunuzi wa huko. Mahali mali inapouzwa ndipo sheria yake inapotazamwa, na mtandao humfanya mtu auze mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Malalamiko yakija

Mwenye alama akiona video au hashtegi inayomkera, kwa kawaida hajazi karatasi mahakamani kwanza. Hujaza fomu ya jukwaa husika. Humo hutaja alama, namba ya usajili, nchi na kundi la mali, kisha huweka anwani ya video anayoilalamikia. Wahudumu wa jukwaa huipima fomu hiyo, nao huweza kuiondoa video kabisa, au kuifunga isionekane katika nchi ya usajili tu, au kuiacha.

Taarifa apewayo mwenye video isomwe kwa makini kuona kama inasema juu ya hakimiliki au juu ya alama ya biashara, maana njia za kujibu si moja. Kwa hakimiliki, yaani wimbo au picha ya mtu iliyotumika, sheria ya Marekani, ambayo majukwaa makubwa huifuata, ina utaratibu maalumu wa kutoa kanusho, na jukwaa hulazimika kulishughulikia kwa muda uliowekwa. Kwa alama ya biashara hakuna kanusho la namna hiyo katika sheria hiyo. Hubaki rufaa ya ndani ya jukwaa lenyewe, au kumwandikia mlalamikaji moja kwa moja. Anwani yake aghalabu huwa ndani ya taarifa.

Kikundi chetu, kilichochagua hatimaye jina “Jua la Ikungi”, kinafanya vyema kuweka jalada moja. Ndani yake kuna orodha ya tahajia zilizotafutwa, tarehe ya kila upekuzi na rejista iliyofunguliwa, picha za rafu za madukani, na nakala ya kila kichwa cha video kama kilivyoandikwa siku ya kwanza. Malalamiko yakiwa juu ya video ya kutoa doa, ile iliyomtaja Omo kwa ukweli, jibu ni fupi: jina limetajwa kueleza bidhaa iliyotumika, sabuni ya kikundi haionekani ndani ya video, na hakuna nembo ya mlalamikaji iliyobandikwa mahali popote. Yakiwa juu ya neno “Jua”, jalada litaonyesha ni nani mwingine alikuwa akilitumia, kwa mali gani, tangu lini. Na kama rufaa ikikataliwa, kubadili kichwa na kuirudisha video huchukua dakika chache, ilimradi lebo za chupa hazijapelekwa kiwandani kupigwa chapa. Kwa sababu hiyo ni busara kuzipeleka lebo mwisho, baada ya siku 60 za pingamizi kupita.